Somo la Mwezi: Chumba kutoka mgeni hadi mgeni, kati ya saa 4 na saa 8

Nyumba nyingi ndogo za wageni mjini Lodwar na Kakuma hubandika tangazo moja mapokezini: mgeni anaondoka saa 4 asubuhi, na mgeni mpya anaingia saa 8 mchana. Kati ya nyakati hizo mbili kuna saa nne, na mwenye nyumba akiziangalia anaona ni nyingi. Ana vyumba vinane na wahudumu wawili, kwa hivyo kila mmoja ana vyumba vinne tu. Lakini mara nyingi saa 8 inafika na mgeni amekaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake miguuni, anangoja shuka zikauke. Akichoka anavuka barabara na kwenda kulala kwingine, na kundi lake linamfuata. Jioni mhudumu analaumiwa kwa uvivu, na pengine anakatwa mshahara, ingawa amefanya kazi tangu asubuhi bila kukaa.

Kosa huwa kwenye mpango. Tangazo la mapokezini ni la wageni wote kwa jumla, ilhali kila chumba kina nafasi yake: inaanza dakika ambayo ufunguo umerudi na inaisha dakika ambayo mgeni anayefuata amefika mlangoni. Vyumba viwili vilivyo ubavuni mwa kila kimoja vinaweza kupishana kwa saa tano. Anayesafisha kwa kufuata namba za milango, cha kwanza hadi cha nane, anatupa saa hizo bila kujua.

Ili kupanga, ni lazima kwanza kujua kazi yenyewe inachukua muda gani. Njia rahisi ni msimamizi kusimama na saa siku tatu mfululizo na kuandika. Katika somo hili tutachukua kwamba mhudumu mmoja anamaliza chumba kilichoachwa na mgeni, chenye kitanda kimoja na bafu lake, kwa dakika 40. Chumba ambacho mgeni anabaki kinahitaji dakika 15. Wahudumu wawili wakiingia pamoja hawamalizi kwa dakika 20 kama hesabu inavyodai, kwa sababu bafu ni dogo na wanagongana. Tuseme dakika 25.

Sasa tuichukue siku moja ya mfano, katika nyumba ya vyumba vinane mjini Lodwar. Ni Alhamisi. Wageni wa vyumba namba 3 na 7 wanabaki. Wa namba 1 na 2 wanapanda gari la kwenda Kakuma, safari ya karibu kilomita 120, kwa hivyo wanarudisha funguo saa 12:30 alfajiri. Wa namba 4 anatoka saa 2. Wa namba 5 na 6 watatoka saa 4 kamili. Wa namba 8 ana mkutano asubuhi, na jana usiku mtu wa mapokezi alimkubalia akae hadi saa 6 mchana. Wanaoingia ni sita: wawili wanafika kwa basi saa 3 asubuhi, na wanne wanatoka Kakuma kuja kwenye warsha, wakitarajiwa saa 6:30 mchana.

Kazi yote ni vyumba sita vya dakika 40 na viwili vya dakika 15, yaani dakika 270. Kwa watu wawili ni saa mbili na robo kila mmoja. Muda upo, na unabaki. Hata hivyo, wahudumu wakingoja saa 4 ndipo waanze, wale wawili wa basi watakuwa wamekaa saa nzima, na wale wanne wa Kakuma watakuta vyumba viwili au vitatu tu.

Mpango unaofaa ni huu. Mhudumu wa kwanza anaanza saa 1 asubuhi kabla jua halijachoma mabati, kwa chumba namba 1 kisha namba 2. Saa 2:20 anaingia namba 4, ambacho ufunguo wake umerudi dakika 20 zilizopita. Ikifika saa 3 ana vyumba vitatu vilivyokwisha, na wageni wa basi wanaingia moja kwa moja. Mhudumu wa pili anaanza saa 2. Anafua shuka za vyumba viwili vya kwanza na kuzianika, na saa 2:45 anaingia vyumba namba 3 na 7, wenyewe wakiwa wameshatoka. Saa 3:15 anarudi kufua shuka za namba 4 na mataulo yaliyokusanywa. Wakati huo wa kwanza anakunywa chai, halafu anafagia ukumbi na kupiga deki mapokezi. Saa 4 funguo za namba 5 na 6 zinarudi na kila mmoja anachukua chumba chake. Saa 4:40 vyote viwili vimekwisha. Hapo wa pili anafua shuka zilizotoka humo.

Kinabaki namba 8. Kikitoka saa 6 mchana na wote wawili wakakiingia pamoja, kitakuwa tayari saa 6:25. Wageni wanafika saa 6:30. Dakika tano hizo hazitoshi kitu: gari likiwahi kidogo, au maji yakikatika katikati ya kazi, mgeni wa nne anasimama nje huku wenzake watatu wakioga. Ahadi iliyotolewa jana usiku bila kuangalia nani anaingia kesho ndiyo iliyoibana siku nzima. Msimamizi anapaswa kumwendea mgeni huyo asubuhi, kabla hajaenda mkutanoni, na kumwomba afunge mizigo mapema: chumba saa 5:30, mizigo itunzwe mapokezini kwa usalama, na akirudi apewe mahali pa kunawa na kikombe cha chai kabla ya safari. Wengi hukubali wakiombwa mapema. Wakigongewa mlango saa 5:30 bila taarifa, hukasirika, na wana haki.

Kwa hivyo kanuni ya mapokezi iwe moja tu: hakuna anayeongezewa muda kabla ya ubao kuangaliwa. Ubao wenyewe unaweza kuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na chaki. Una mstari mmoja kwa kila chumba, na kila mstari una saa ya kutoka, saa ya kuingia na hali ya chumba. Hali hiyo iandikwe kwa neno: anabaki, wazi, safi, tayari. Maneno mawili ya mwisho si kitu kimoja. Mhudumu akimaliza anaandika safi. Msimamizi akishakagua ndipo anaandika tayari, na mapokezi haitoi ufunguo wa chumba ambacho hakijaandikwa tayari, hata mgeni awe nani.

Ubao uandikwe pia asubuhi, mchana au usiku mbele ya kila saa. Mgeni anayetuma ujumbe wa simu akisema atafika saa 11 huenda anahesabu kwa Kiingereza, akimaanisha kabla ya adhuhuri, na mwenye nyumba akaelewa jioni. Tofauti hiyo ni ya saa sita na hakuna mhudumu anayeweza kuifidia. Mapokezi imuulize: ni kabla ya chakula cha mchana, au jioni?

Katika mfano wetu mhudumu wa pili alifua mara tatu, lakini hakuna chumba kilichongoja shuka zake. Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Zinakuwa na seti moja kwa kila kitanda, au seti moja na chache za akiba. Shuka ikitolewa kitandani inafuliwa dakika 40, inaanikwa, inakaa kambani, inakunjwa. Hata kwa jua la Lodwar ni karibu saa mbili kabla irudi pale pale ilipotoka, na chumba kimekaa uchi muda wote huo. Kazi ya chumba na kazi ya dobi zikifungwa pamoja, ile ya polepole ndiyo inayoamua.

Zinatenganishwa kwa seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwenye kufuliwa, moja imekunjwa kabatini. Vitanda vinane vinahitaji seti 24. Seti moja ni shuka mbili, foronya mbili na mataulo mawili. Ni gharama, na nyumba ndogo haiwezi kununua zote mwezi mmoja. Inaweza kuanza kwa seti mbili kwa kila kitanda, ikijua kwamba siku moja tu bila maji itaimaliza akiba. Zinunuliwe za rangi moja na kipimo kimoja ili shuka yoyote iende chumba chochote. Shuka za maua tofauti kwa kila chumba hupendeza dukani, halafu mhudumu anatumia dakika kumi kutafuta foronya inayofanana.

Turkana ina neema yake katika jambo hili. Mahali kwingine nchini dobi huomba jua. Hapa hewa ni kavu na joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, hivyo shuka nyepesi ya pamba haichelewi kukauka. Kinachosumbua ni vumbi na maji. Shuka iliyoachwa kambani hadi jioni upepo ukivuma inarudi na mchanga, na jua linaifubaza rangi. Kamba ifungwe upande ambao ukuta au nyumba inazuia upepo, na shuka ishushwe mara tu inapokauka. Ikikunjwa ingali na joto la jua, inakaa kama iliyopigwa pasi, na hiyo huokoa stima pia.

Maji yanahitaji hesabu yake. Mashine ndogo ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamua, inayotumia lita 40 kwa kufua na lita 40 kwa kila suuza mbili, inakunywa lita 120 kwa mzunguko. Mizunguko mitatu ya Alhamisi yetu ni lita 360. Ongeza kama lita 15 za kusafisha kila chumba kati ya vile sita, jumla inafika lita 450. Mwenye tangi la lita 1,000 amemaliza karibu nusu kabla mgeni hata mmoja hajaoga. Kwa hivyo tangi liangaliwe saa 1 asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Kama mfereji hautoki na maji ni ya mitungi, kufua kungoje kesho; vyumba visingoje. Shuka chafu zikiwa kavu huvumilia siku moja. Mataulo mabichi hayavumilii: yatandazwe kambani hata kama hayajafuliwa, la sivyo yatanuka na harufu hiyo haitoki kwa urahisi.

Ndani ya chumba, mpangilio wa hatua ndio unaofanya dakika 40 zitoshe. Wengi huanza kwa kutandika kitanda kwa sababu kinapendeza haraka. Katika mji wa vumbi hilo ni kosa, maana kila kinachopanguswa baadaye kinaangukia shuka safi. Mhudumu aingie, afungue mlango na dirisha la upande usio na upepo, atoe taka, avue shuka zote na kuzifunga ndani ya shuka moja kama furushi. Anapozivua aangalie mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Madoa madogo meusi kama ya wino yaliyokusanyika kwenye mshono ni dalili ya kunguni. Chumba hicho kinafungwa siku hiyo na kinatoka kwenye ratiba, shuka zake zinawekwa kwenye mfuko uliofungwa na hazichanganywi na nyingine, na msimamizi anaarifiwa papo hapo. Kukificha ili kisikose mgeni mmoja ni kuvipeleka kunguni vyumba vyote vinane. Aangalie pia nyuma ya mapazia na chini ya kitanda, maana nge hupenda pembe zenye giza.

Kisha aende bafuni, asugue choo na sakafu kwa sabuni, asuuze, na amwage maji ya klorini. Asisubiri hapo. Klorini inahitaji kama dakika kumi kufanya kazi, na dakika hizo anazitumia chumbani. Uchafu utangulie kutolewa kwa sabuni, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inamalizika nguvu juu yake. Kwa Jik ya asilimia 3.5, ambayo kipimo chake husomwa kwenye chupa, sehemu moja kwa sehemu 34 za maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.1. Katika ndoo ya lita 10 hiyo ni takriban mililita 290, zaidi kidogo ya robo lita. Uchanganywe mpya kila asubuhi. Joto na mwanga huivunja klorini, na chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye stoo ya mabati inaweza kunuka kama kawaida huku nguvu yake imepungua.

Hapa pana hatari inayopaswa kusemwa wazi. Maji ya visima vingine katika kaunti yana chumvi na huacha ukoko mweupe kwenye mabomba na sinki. Ukoko huo hutoka kwa siki, limau au dawa ya choo yenye asidi. Asidi yoyote ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na kifua, na katika bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumwangusha mtu. Mhudumu mwenye haraka, akiwa na vyumba viwili mbele yake, ndiye anayemwaga zote mbili mara moja akidhani zitafanya kazi upesi. Kwa hivyo ukoko upangiwe siku yake, siku ambayo chumba hakina mgeni, na siku hiyo Jik isiingie bafuni humo. Akisikia harufu kali na kuanza kukohoa, atoke, aache mlango wazi, na asirudi hadi hewa imesafika.

Klorini ikiwa inafanya kazi bafuni, mhudumu anarudi chumbani na kuanza juu kwenda chini. Panga za feni husafishwa kwa foronya chafu iliyotolewa kitandani: inavishwa kwenye panga kama soksi na kuvutwa, na vumbi linabaki ndani yake. Halafu feni iwashwe dakika moja ili iangushe kilichobaki, izimwe, ndipo madirisha, meza na kingo za kitanda vipanguswe kwa kitambaa kibichi. Kitambaa kikavu hurusha vumbi tu. Anafagia, anamalizia bafu kwa kusuuza na kukausha, ananawa mikono vizuri, kisha anatandika na kukunja chandarua. Mwisho anapiga deki akirudi nyuma hadi mlangoni.

Ukaguzi wa msimamizi unachukua dakika tatu. Alale kitandani kidogo aone anachokiona mgeni: feni, dari, tundu la chandarua. Afungue bomba, avute maji ya choo, aangalie nywele kwenye tundu la kuogea, apitishe kidole juu ya fremu ya mlango. Kisha aandike tayari.

Kakuma ratiba hii hukutana na jambo lake la pekee. Kambi ya wakimbizi iko pale tangu 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliongezwa 2016, kwa hivyo wageni wengi wa mji ni wafanyakazi wa mashirika wanaokuja na kuondoka kwa makundi, kwa ndege au kwa misafara ya magari. Vyumba vitano vinaweza kutoka kwa nusu saa moja na vitano vingine kuingia mchana huo huo. Ndege isipotua, au laga ya Tarach ikijaa baada ya mvua, walioondoka asubuhi wanarudi mchana wakidai vitanda vyao, ambavyo vimeshatandikiwa wengine. Mapokezi ikishajua kundi linategemea ndege, funguo zipokewe na usafi uanze, lakini chumba kimoja kisiuzwe hadi habari za ndege kuondoka zifike. Na vyumba vya kundi hilo viandikwe safi, si tayari, hadi hapo. Mjini Lodwar tahadhari hiyo hiyo hufaa siku za tamasha la Tobong'u Lore, mji unapojaa na hakuna jirani wa kumpelekea mgeni aliyekosa nafasi.

Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, msimamizi anafuta ubao na kuandika wa kesho: funguo zipi zitarudi alfajiri, nani anafika kwanza, seti ngapi zimebaki kabatini, na tangi lina maji kiasi gani. Mhudumu wa saa 1 anausoma akiingia, na anajua mlango wa kuanzia bila kumwamsha mtu.